Asubuhi Mtoto Wetu Alipodondosha Kikombe

Ilikuwa asubuhi ya kawaida ya mwaka 2017. Mmoja wetu alikuwa jikoni, mwingine akijiandaa kwenda kazini. Kifungua mimba wetu, aliyekuwa na miaka sita, alikuwa mezani akinywa uji. Mara kikombe kikamponyoka. Tulimkemea kwa uzembe. Akainama kukiokota kwa mkono wa kulia, vidole vikakataa kushika. Alipotaka kujieleza, maneno yakatoka kama ya mtu aliyelewa, na mdomo wake ukawa umevutwa upande mmoja.

Tulijua tangu akiwa mchanga kwamba ana ugonjwa wa seli mundu, ambao wengi huuita sikoseli. Tulizoea kumkanda viungo vinapouma, kumnywesha maji mengi na kumfunika wakati wa baridi. Lakini kiharusi? Hicho tulidhani ni cha wazee wenye shinikizo la damu. Jirani alisema mtoto ametupiwa kitu. Zahanati tuliyokimbilia ikatuambia ni malaria, tukarudi nyumbani na dawa. Siku nzima ikapotea hivyo. Kesho yake, katika hospitali kubwa, daktari alimtazama akitembea hatua tano tu, akaagiza aongezewe damu haraka.

Leo kijana wetu anaandika kwa mkono wa kushoto, na hesabu zinamchukua muda mrefu kuliko wenzake. Anaongezewa damu kila mwezi, kwa kuwa mtoto aliyepata kiharusi kimoja akiachwa bila kinga, mara nyingi hupata cha pili, hasa katika miaka miwili au mitatu ya mwanzo.

Akina mama wapendwa, hatuandiki haya ili tuhurumiwe. Tunaandika kwa sababu kiharusi kile kilikuwa kimetoa dalili mapema, ila dalili yenyewe haionekani kwa macho. Huonekana kwa kipimo.

Tulimwuliza daktari: “Ilikuwaje, na juzi alikuwa anacheza mpira?” Akatuchorea kwenye karatasi. Shingoni hupanda mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo. Chembe nyekundu za mtoto wa seli mundu ni ngumu na zinanata. Zinapopita hukwaruza utando wa ndani wa mishipa hiyo, hasa pale inapogawanyika chini ya ubongo. Utando uliojeruhiwa hujaribu kujiponya kwa kunenepa, na nafasi ya damu kupita inazidi kuwa nyembamba. Kazi hiyo huendelea kwa miezi na miaka, na mtoto hasikii maumivu yoyote. Siku nafasi inapoziba, sehemu ya ubongo inakosa damu, na ndipo kikombe kinapodondoka.

“Mmewahi kumwagilia bustani kwa mpira?” akatuuliza. “Mkiubana kwa kidole, maji hufanya nini?” Tukajibu kwamba hutoka kwa kasi. Akasema basi, hicho ndicho kipimo chenyewe. Mshipa uliobanwa hupitisha damu kwa kasi kuliko kawaida, na kasi hiyo hupimika kwa ultrasaundi, kifaa cha aina ile ile kinachotumika kutazama mimba.

Mdogo wake wa kike naye ana seli mundu. Tulipeleka kichwa chake kupimwa mwaka 2021, akiwa na miaka mitano. Hakuwahi kulalamika kitu. Walimpaka mafuta mazito kidogo kwenye panja, juu ya shavu mbele ya sikio, wakaweka kifaa pale, kisha upande wa pili. Hakuna sindano wala mionzi. Ilichukua kama nusu saa, na sharti lilikuwa awe macho, ametulia. Mtoto mwenye homa, aliyelala, anayelia au aliyeongezewa damu siku za karibuni hupewa siku nyingine, maana hayo yote hubadilisha kasi.

Chini ya sentimita 170 kwa sekunde ni salama. Kati ya 170 na 199 mtoto hupimwa tena mapema. Kuanzia 200 ni hatari. Binti yetu alipata 214. Baada ya wiki mbili wakarudia ili kuhakikisha, ikawa 208. Tulimtazama akiruka kamba uani, tukashindwa kuamini.

Hapo ndipo tuliposimuliwa habari za utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 1998. Walichukuliwa watoto 130 wenye kasi kama ya binti yetu. Watoto 67 waliendelea na matibabu ya kawaida, na 11 kati yao walipata kiharusi. Wale wengine 63 waliongezewa damu kila mwezi, akaugua mmoja tu. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, ili wote wapewe nafasi ya kuongezewa damu.

Sababu yake ni rahisi kueleza. Damu ya mchangiaji huleta chembe laini za duara. Zinapokuwa nyingi, zile za mundu hupungua, na lengo ni zisizidi asilimia 30 ya damu yote. Mikwaruzo hupungua, na damu haina haja ya kukimbia sana.

Binti yetu alikuwa na kilo 17, kwa hiyo kila baada ya wiki nne alipewa kama mililita 200. Hawakumjaza kupita kiasi, maana damu ikiwa nzito sana nayo huweza kuziba mshipa. Kuna miezi benki ya damu haikuwa na chupa ya kundi lake, na akina mama wa jumuiya yetu walijipanga kwenda kuchangia. Kuna gharama nyingine pia: kila chupa huacha madini ya chuma mwilini, ambayo yakirundikana huharibu ini na moyo. Kwa hiyo walimpima chuma, na baadaye akaanza dawa ya kukitoa.

Baada ya miezi 14 kasi yake ilishuka hadi 162. Tulifurahi, tukauliza kama tunaweza kuacha. Daktari alikataa. Utafiti wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba watoto walioachishwa damu baada ya kupata nafuu, wengi walirudi kwenye hatari, na wawili wakapata kiharusi. Badala yake alimwanzishia vidonge vya haidroksiurea, huku damu ikiendelea kwa miezi kadhaa hadi dawa iliposhika. Utafiti wa mwaka 2016 ulikuwa umeonyesha kwamba njia hii inafaa kwa mtoto aliyeongezewa damu angalau mwaka mzima, ambaye mishipa yake haijabanwa vibaya. Anameza kila siku, na hupimwa damu na kasi ya kichwani mara kwa mara.

Mama mwenye mtoto wa seli mundu, uliza kipimo hiki kuanzia anapotimiza miaka miwili, kisha kila mwaka hadi afikishe 16. Na ukiona mdomo umepinda, mkono au mguu umelegea, maneno yamevurugika, degedege, au kichwa kinauma ghafla kwa nguvu, usisubiri kuche. Sema waziwazi mapokezi: “Mwanangu ana seli mundu, na hii huenda ni kiharusi.”

Jana asubuhi binti yetu alikunywa uji wake, akaosha vikombe viwili, chake na cha kaka yake.