Haraka ya Patasi

Kesho yake ilikuwa siku ya wazazi, na rafu yangu ya plaiwudi ilibaki kuvalishwa ukingo tu. Nikaupiga pasi ule utepe wa mbao wenye gundi. Ilipoyeyuka tu, nikashika patasi kukata ziada. Utepe ukateleza, ukaachia.

Mwalimu wa useremala hakunigombeza. Aliupasha tena, akaukandamiza kwa kipande cha mbao mpaka ukapoa kabisa. Ndipo akalaza patasi bapa juu ya ubao, akakata polepole; ilipotaka kupasua, aligeuka akaanzia upande wa pili. Mwisho akapitisha msasa kutoka ukingoni kuelekea ubaoni, asiuinue utepe.

Kumbe gundi ikiwa moto bado ni uji: haishiki mpaka ipoe.