Maji Yanayogawiwa kwa Saa

Mimi ni mzaliwa wa Pete, kusini Unguja, ukingoni mwa msitu wa Jozani. Kwetu kima punju hula vidaka vya nazi zetu, na fedha za watalii wanaokuja kuwatazama hugawiwa ili tuwavumilie. Basi niliposafiri kwenda Oman mara ya kwanza, kumzuru ami yangu anayeishi mji wa Ibra, nilidhani habari za kugawana mali ya asili nazijua.

Siku ya kwanza nilishangaa tu. Kutoka Maskati milima ilikuwa mikavu, ya kahawia kama mkate uliosahaulika jikoni. Nikajiuliza watu hawa wanakula nini. Ami, aliyezaliwa Unguja na bado anaongea Kiswahili cha Mjini, akacheka: "Ngoja kesho."

Kesho yake tukapita Badiya, vilima vya mchanga vikiwa kuliani, kisha tukapanda mlima na kuteremkia Wadi Bani Khalid. Ghafla mitende! Kijani kitupu, kama mtu amemwaga bonde zima la Unguja katikati ya mawe. Huko Muqal tulifuata mfereji wa saruji, mwembamba kama karo ya msikitini, hadi kwenye madimbwi ya maji ya rangi ya feruzi. Nikatia miguu. Samaki wadogo wakaja kunidonoa vidole, nikapiga ukelele mbele ya watoto wa watu.

Mfereji ule ni falaji. Ami aliponitajia wanaouendesha, nilihisi nimerudi nyumbani: wakili ndiye msimamizi, arifu hupanga zamu, mwengine hushika daftari, na dalali hunadi maji. Maji kunadiwa! Kwetu dalali huuza viwanja.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Maji ya falaji hayapimwi kwa ndoo bali kwa muda. Kipimo ni athari, nusu saa, na siku nzima ina athari 48. Zamani mchana walitazama kivuli cha mti uliosimikwa, usiku nyota. Siku hizi saa ya mkononi inatosha. Tuseme mtu ana athari 4 na mzunguko ni siku 10. Kila siku ya 10 mfereji mzima ni wake kwa saa mbili. Mwaka wa mvua saa hizo hujaza majaruba yote ya mitende yake. Mwaka wa ukame hujaza nusu. Hakuna aliyepunguziwa dakika, hivyo hakuna wa kumlaumu. Ukame ukizidi, hukaushwa kwanza mashamba ya mazao ya msimu, mitende ikabaki. Na zipo athari ambazo ni za falaji yenyewe: hukodishwa kwa mnada, na fedha zake hulipia kusafisha mfereji na kuziba nyufa zake.

Nikafikiria Pete. Mkulima wetu anagawiwa fedha, si kitu chenyewe, kwa hiyo lazima aamini hesabu za wengine. Mwenye athari anaona haki yake ikimtiririkia miguuni.

Lakini ami hakutaka niondoke na sifa tupu. Athari hurithiwa na huuzwa bila ardhi, kwa hiyo huweza kusagika vipande vipande kwa warithi walioko Maskati, au kukusanywa na wachache wenye fedha. Visima vya pampu vikivuta maji ya chini, mfereji hudhoofika. Tende zikishuka bei, wanunuzi mnadani hupungua, na mfuko wa matengenezo hukauka kabla ya mfereji. Akaniambia nisitazame daftari, nitazame mitende ya mwisho wa mfereji: makuti yake yakianza kukauka juu, jua ugawaji unayumba.

Nikauliza kuhusu samaki wangu. Akanyamaza kidogo. Samaki hawana athari. Wanaishi kwa kivuli cha kanuni nyingine: maji ya kunywa huchotwa juu kabisa, ya kuoga chini yake, kisha ndipo mashamba. Usafi wa watu umewahifadhi samaki bila mtu kukusudia. Sasa wageni wa mapumziko wanaogelea kwenye madimbwi yaliyo juu ya mashamba, wamejipaka mafuta ya jua, na kanuni imepinduka. Sisi wenyewe tuliingia bila kulipa kiingilio. Kwa hiyo hata baisa moja yetu haikuingia mfuko wa kusafisha mfereji.

Jozani ni kinyume: mnyama ana bei, na hesabu iliyochapishwa 2017 ilikuta kima punju zaidi ya 5,000 Unguja, wengi kuliko ilivyodhaniwa. Ila kwetu mkulima ndiye asiye na saa yake.

Nilipotoa miguu majini, samaki mmoja aling'ang'ania kidole gumba. Nilimwacha amalize.