Simu ilipozima katikati ya zamu

Jioni ile, kabla ya kwenda zamu ya usiku, muuguzi mmoja alimpa mwanawe wa miaka minne simu aangalie katuni ili yeye apate nafasi ya kupika na kuoga. Alipoichukua, chaji ilikuwa imebaki asilimia 18. Akajiambia atachaji kazini. Alipofika wodi ya wazazi katika kituo cha afya akafungua mkoba, ndipo akakumbuka kuwa chaja ameiacha nyumbani.

Mwenzake wa zamu alikuwa na chaja, lakini pini yake haikuingia. Saa 4:20 usiku simu ikazima. Wodini kulikuwa na wajawazito wawili wenye uchungu, hivyo akairudisha mfukoni na kuendelea na kazi.

Usiku ule namba yake ndiyo iliyokuwa imetolewa kwa zahanati za jirani. Zahanati ikiwa na mgonjwa wa rufaa hupiga kabla hajaondoka, ili kituo kimwite mtaalamu wa maabara kutoka nyumbani na damu iandaliwe gari likiwa bado njiani. Saa 4:52 zahanati moja ilikuwa na mama aliyejifungua na damu ilikuwa haikati. Muuguzi wa kule akapiga, akaambiwa namba haipatikani. Akarudia mara kadhaa, kisha akampakia mgonjwa bila kuzungumza na mtu yeyote wa kituoni.

Mgonjwa alifika saa 5:40. Alianza kuhudumiwa papo hapo, lakini mtaalamu wa maabara ndiyo kwanza alikuwa anapigiwa, tena kwa simu ya yule mwenzake. Damu ilianza kuingia saa 6:35. Mama yule alipona.

Alfajiri, mtumishi wa zamu ya asubuhi alikuja na chaja inayofaa. Simu ilipowaka, ujumbe wa mtandao ukaingia: amepigiwa mara sita na namba ya zahanati. Angeweza kusema mtandao ulisumbua, na pengine asingebishiwa, kwa sababu anayepiga husikia maneno yaleyale kama simu imeisha chaji, imezimwa makusudi au iko mahali pasipo na mtandao. Badala yake alimsubiri matroni mlangoni, kabla ripoti ya zamu haijasomwa.

“Shikamoo, Matroni. Kuna jambo nataka ulisikie kwangu kwanza.”

“Marahaba. Sema.”

“Simu yangu iliisha chaji saa 4:20. Nilitoka nyumbani ikiwa na asilimia 18 na chaja sikubeba. Zahanati ilinipigia mara sita kuanzia saa 4:52, sikupatikana. Mgonjwa alifika saa 5:40 na maabara ilikuwa haijaitwa.”

Matroni hakuuliza habari za chaja. Aliuliza, “Ilipozima, ulimwambia nani?”

“Sikumwambia mtu.”

“Hapo ndipo ulipokosea. Ungetoa laini ukaiweka kwenye simu ya mwenzako. Ikishindikana, namba za zahanati zote zimeandikwa nyuma ya daftari la rufaa. Ungewapigia kwa simu yake, ukawaambia usiku huu watumie namba hiyo.”

Kati ya saa 4:20 na 4:52 kulikuwa na dakika 32. Zilitosha kabisa kufanya hivyo, na muuguzi mwenyewe alikiri.

Kusema ukweli hakukumwondolea adhabu. Aliandika barua ya maelezo na kupewa onyo la mdomo. Lakini kwa kuwa alitaja saa na idadi ya simu, matroni alijua ni wapi muda ulipotea, na siku ileile alibadilisha utaratibu: kila zamu sasa hutoa namba mbili kwa zahanati, na anayeishiwa chaji humjulisha mwenzake na kuandika saa kwenye daftari la makabidhiano. Chaja yenye pini za aina zote ilinunuliwa, ikafungwa kwa kamba kwenye meza ya wodi.

Mchana, kabla ya kulala, alimpigia muuguzi wa zahanati kumwomba radhi. Yule alimjibu wazi kuwa usiku kucha aliamini amezima simu ili alale. Alipoelezwa, alinyamaza kidogo, kisha akauliza hali ya mgonjwa.

Nyumbani nako mambo mawili yalibadilika. Siku ya zamu mtoto haangalii katuni kwenye simu ya mama baada ya saa 10 jioni, hata akilia. Na baba yake sasa ana namba ya mwenzake wa zamu kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, maana usiku ule mtoto angepata homa kali, naye angeambiwa namba haipatikani.