Taa ya chumba cha mtoto inakula ngapi kwa mwaka?

Tunaendelea na mambo ya mzazi aliyetoka kujifungua. Wengi mmeniuliza kuhusu taa, maana mtoto ananyonya usiku kucha na taa haizimwi. Tuseme inawaka saa kumi, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Globu ya kizamani, ile yenye kiwaya ndani, imeandikwa 60W. Wati 60 mara saa kumi ni 600, yaani uniti 0.6 kwa usiku mmoja. Kwa mwaka ni uniti 219. Kwa uniti ya shilingi 356, kodi ikiwemo, hiyo ni kama 78,000. Na kwa kuwa inaishi saa 1,000 hivi, utanunua nyingine tatu au nne kabla mtoto hajatimiza mwaka. Ndiyo maana ile bei yake ya dukani inadanganya sana.

Taa ya kubana umeme, ile ya kujisokota, yenye 15W inatoa mwanga unaokaribia huohuo kwa 19,500. Ya LED ya 9W ni 11,700 tu.

Tyubu laiti ya futi nne imeandikwa 36W, lakini ile yenye choki nzito jumla hufika kama wati 45, hivyo ni 58,000. Jamani, msiitupe! Mwanga wake ni mara nne ya globu, unafaa sebuleni au kwa fundi cherehani. Kwa chumba kimoja cha kulala ni mwingi mno.

Bei ya uniti yako iangalie kwenye risiti ya Luku: toa kwanza kodi ya jengo, kisha gawanya pesa iliyobaki kwa uniti ulizopewa. Walio kwenye tarifa ya matumizi madogo watapata karibu theluthi ya hesabu hizi.

Sasa shida iko kwenye nyumba za kupanga, mita moja vyumba sita, mnachanga sawasawa. Mwenye globu analipiwa na wenzake, na wewe uliyebadilisha huoni nafuu. Kabla ya kugombana, pimeni. Zimeni kila kitu, chomoeni na friji, washeni taa moja, kisha tazameni kile kitaa chekundu cha mita. Kama imeandikwa 1000 imp/kWh, globu ya wati 60 itakipepesa kila dakika moja. Ya wati 15, kila dakika nne. Kikiendelea kupepesa wakati vyote vimezimwa, kuna kitu kinakula umeme pembeni, mwiteni fundi.

Ya kujisokota na tyubu zina zebaki kidogo. Ikipasuka, toa mtoto nje, fungua dirisha dakika kumi na tano, okota vipande kwa karatasi ngumu. Usifagie.

Na manjano ya macho ya mtoto, mama, mwangalie mchana dirishani. Globu ya njano huficha.