Saa Moja, Majira Mawili

Tuseme umepewa picha ya ukurasa wa kitabu cha hesabu cha Kiingereza, nawe umeombwa kulifasiri swali moja kwa Kiswahili. Hapa Mwatate, penye mashamba ya mkonge, swali lifaalo ni hili: lori lenye tani 7.5 za nyuzi za mkonge laondoka kiwandani asubuhi, mishale ya saa ya Kiingereza ikionyesha 10.40. Laenda kilomita 48 kwa saa, na safari ni kilomita 120. Je, litafika wakati gani?

Kwanza itazame picha yenyewe. Nukta ya 7.5 ni ndogo, na kivuli cha kidole huweza kuifuta, ikabaki 75. Lori la kawaida halichukui tani 75. Ukiona ajabu kama hiyo, kirudie kitabu. Uzito huo hauhitajiwi katika jibu, lakini usiuache, maana kuchagua kinachohitajiwa ni kazi ya mwanafunzi, si ya mfasiri.

Sasa tuitazame saa. Mwatate i karibu na Ikweta, ambako jua huchomoza na kutua karibu wakati ule ule mwaka mzima. Kiswahili huanza kuhesabu saa kutoka mapambazuko na machweo. Kiingereza huanza usiku wa manane na adhuhuri. Tofauti ni saa 6. Basi 10.40 ya asubuhi ni saa 4:40. Lakini 48 na 120 hazibadiliki, kwa kuwa mwendo na masafa havina mapambazuko.

Gawanya 120 kwa 48, upate saa 2 na nusu. Ukiongeza juu ya saa 4:40, lori litafika saa 7:10 mchana. Kitabu kitasema 1.10 baada ya adhuhuri, na yote mawili ni wakati mmoja.

Hapa pana mtego. Mfasiri akiandika "saa 10:40" bila kubadili, msomaji wa Kiswahili ataelewa kuwa ni alasiri. Ataongeza saa 2 na nusu, apate saa 1:10 usiku. Tarakimu zalingana na za kitabu, kumbe lori limecheleweshwa saa 6! Kwa hiyo, kulinganisha tarakimu za majibu hakutoshi. Uliza jua liko wapi.

Mwisho, lilinde ulizo. Neno "saa" hutaja wakati na pia muda. "Litafika saa ngapi?" hutaka saa 7:10 mchana. "Litasafiri saa ngapi?" laweza kueleweka kuwa lataka saa 2 na nusu, au hata wakati wa kuondoka. Hesabu ni ile ile, lakini jibu si lile. Ukitaka wakati, andika "litafika". Ukitaka muda, andika "litasafiri kwa muda gani". Kisha mpe mwenzako asiyeiona picha akueleze anachoulizwa, na ulinganishe maneno yake na ukurasa.