Maji Si Kipimo cha Raha ya Mke

Wahenga walisema kwamba mficha uchi hazai. Kwa miaka mingi nimekuwa mkunga hapa Gitaza, na nimekutana na wengi walioficha na bado wakazaa. Wana watoto wanne, watano, wote wazima. Lakini raha ya unyumba haijapata kuzaliwa baina yao, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumwambia mwenziwe. Leo napenda kuzungumza na wasomaji, hasa wale walio katika kazi za ulinzi na wake zao, juu ya kimya hicho na chanzo chake kimoja ambacho nakikuta mara kwa mara.

Gitaza imekaa kati ya milima na ziwa Tanganyika, kando ya barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge. Wanaume wengi ni wavuvi wa ndagala na mukeke. Usiku wa giza huwa ziwani na taa zao, na mbalamwezi inapojaa hurudi kupumzika nyumbani. Askari naye huishi hivyo hivyo, ila yeye huhesabu likizo badala ya mwezi. Waume wa namna hii hurudi na hamu nyingi na muda mchache, na hapo ndipo kutokujua kunapoonekana upesi.

Mama mmoja, mke wa askari, alinijia kwa sababu ya uzazi wa mpango. Tulipokwisha, hakuinuka. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, mimi nina kasoro. Sina maji." Nilimwuliza ni maji gani. Akanieleza kwamba kabla ya harusi shangazi yake alimfundisha kuwa mke aliye kamili hutoa maji mengi kitandani, na kwamba mume huyangojea. Miaka tisa imepita, watoto watatu wamezaliwa, na maji hayajaonekana. Mume aliacha kuuliza, naye aliacha kutazamia. Usiku alijifanya kuridhika ili jambo liishe. Mume, kama nilivyokuja kujua baadaye, alidhani kwamba mkewe hampendi, au kwamba yupo mwingine anayejua zaidi yake.

Kabla ya kumjibu habari ya maji nilimweleza jinsi kinembe kilivyoumbwa, kwa kuwa bila hilo mengine yote hayaeleweki. Wengi hudhani kinembe ni punje tu iliyo juu ya uke, pale midomo midogo inapokutana. Punje ile ni kichwa chake, nayo ina kifuniko cha ngozi. Sehemu kubwa imo ndani, haionekani. Nilimwonyesha kwa mfano wa mfupa wa kidari cha kuku, ule wenye matawi mawili ambao watoto hushindana kuuvunja. Pale matawi yanapoungana ni shina la kinembe, nalo hupinda kuelekea chini na kuishia kwenye kile kichwa. Matawi mawili ni miguu yake, ambayo hushuka kila mmoja upande wake ikishikamana na mfupa wa nyonga, kwa urefu wa sentimita 5 hadi 9. Tena yapo matufe mawili ya nyama laini, moja kila upande wa mlango wa uke, chini ya midomo. Mwili huu wote hujaa damu mke anapopata ashiki, ukavimba na kuwa mwepesi wa kuhisi.

Maarifa haya si mapya, ila yalisahauliwa. Mwaka 1844 mganga Mjerumani Georg Kobelt aliyachora yote kwa uangalifu mkubwa. Hata hivyo, vitabu vingi vya udaktari vilivyofuata vilitoa mchoro wa punje tu, au havikuandika neno. Ndipo Helen O'Connell, daktari mpasuaji wa njia ya mkojo huko Australia, alipopasua na kupima maiti za wanawake, akatangaza mwaka 1998 kwamba kiungo hiki ni kikubwa kuliko vitabu vilivyofundisha. Ikiwa mabingwa walikaa gizani kiasi hicho, mvuvi wa Gitaza asilaumiwe peke yake.

Jambo la pili ndilo linalowashangaza waume. Katika majuma ya kwanza ya mimba, mtoto wa kiume na wa kike wana kichipukizi kimoja mahali pale. Kwa mvulana hukua kuwa uume, na kwa msichana hukua kuwa kinembe. Kichwa cha kinembe ni ndugu wa kichwa cha uume, na mishipa ya fahamu imejazana hapo. Njia ya uke, hasa sehemu ya ndani, haina hisi kali namna hiyo. Ingalikuwa nayo, uzazi ungalikuwa mateso makubwa zaidi. Kwa hiyo mume anayeingia mara moja na kuongeza nguvu, akidhani kwamba nguvu ndiyo raha, anafanya kazi mbali na pale penye hisi. Ni sawasawa na mke kutaka kumridhisha mume bila kugusa uume wake kabisa, kisha akashangaa kwamba hakuridhika.

Hivi sivyo kwa wake wachache tu. Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2018, wanawake zaidi ya 1,000 wa Marekani waliulizwa juu ya jambo hili, na wasiofika hata mmoja katika watano ndio waliosema kwamba kuingiliwa peke yake kunawatosha kufikia upeo wa raha. Mke asiyefika kwa njia hiyo hana kasoro. Yumo katika kundi la walio wengi.

Sasa turudi kwenye maji. Wazee wa nchi hizi za Maziwa Makuu walikuwa na elimu yao. Katika Rwanda na Burundi, na upande wa magharibi wa Uganda na mashariki ya Kongo, ipo desturi iitwayo kunyaza. Mume haanzi kwa kuingia. Hushika uume wake na kuugongesha polepole, kwa mwendo wa ngoma, juu ya kinembe na midomo iliyokizunguka. Huupeleka juu na chini, au huuzungusha, kisha huingia kidogo na kurudi tena nje. Mtu aliyeona mchoro wa O'Connell ataelewa mara moja kwa nini desturi hii imedumu. Kichwa, shina na yale matufe mawili, vyote huguswa bila haraka. Mababu hawakupasua maiti, lakini mikono yao ilijua mahali.

Kosa limo katika kipimo. Neno lenyewe, kunyaza, maana yake ni kumfanya mtu akojoe, na kwa hiyo watu wamehesabu maji badala ya kuhesabu raha. Mwaka 2015 madaktari wa Ufaransa waliwapima wanawake saba ambao hutoa maji mengi. Walikitazama kibofu kwa picha ya mawimbi ya sauti. Kilikuwa kitupu mwanzoni, kikajaa wakati wa ashiki, na kikawa kitupu tena baada ya maji kutoka. Maji yale yalitoka hasa kibofuni. Kwa wengi wao yalichanganyika na ute kidogo wa tezi zilizo karibu na tundu la mkojo. Wapo wanaoyatoa kwa wingi, wapo wanaotoa kidogo, na wapo wasiotoa kabisa ilhali wamefika upeo kamili. Anayeyatoa asione haya, na asiyeyatoa asijihesabu kuwa mpungufu.

Mama yule alipokwisha kusikia hayo aliniomba nimweleze mumewe. Nilikataa kumweleza peke yake. Nikamwambia waje wote wawili. Walikuja mwezi uliofuata, wakati wa likizo. Nilirudia habari ya mfupa wa kidari. Baba yule alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza swali moja tu la maana: "Nitajuaje kama nafanya sawa?"

Nilimjibu kwamba kipimo si maji, wala si kelele, kwa kuwa kelele huweza kuigizwa. Kipimo cha kwanza ni maneno ya mkewe. Basi nikawapa maneno matatu ya kutumia gizani: "hapo", "polepole", na "sivyo". Kipimo cha pili ni mwili wenyewe: ute wa uke hutoka, midomo huvimba na kupata joto, pumzi hubadilika, na upeo unapofika misuli ya uke hubana na kulegea mara kadhaa yenyewe. Nikamwonya asianze kwa kukisugua kichwa chenyewe kikiwa kikavu, maana hapo huuma. Aanze pembeni na juu ya kifuniko. Tena mke akisema "hapo", asibadili mwendo wala asiongeze nguvu. Wengi huharibu papo hapo, kwa sababu wao wenyewe hupenda kuongeza kasi mwishoni.

Juu ya muda niliwapa hesabu mbili. Wachunguzi waliowapima wanandoa wa nchi tano kwa saa ya kupimia muda waliona mwaka 2005 kwamba tendo, tangu kuingia hadi mume kumaliza, huchukua kama dakika 5. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2020, wa wanawake 645 wa nchi 20, ulionyesha kwamba mke huhitaji kama dakika 13 tangu ashiki kuanza. Mume asijilaumu kwa tofauti hiyo. Dakika zile nane azitumie kabla ya kuingia, kwa mkono au kwa desturi ya wazee.

Baada ya miezi kadhaa mama alirudi kwa ajili ya dawa zake. Sikumwuliza. Alisema mwenyewe kwamba maji hayajatoka hata siku moja, na kwamba mumewe hayaulizi tena. Akaongeza kwamba mara ya kwanza walipotumia yale maneno matatu walicheka mpaka mtoto akaamka.

Si kila jambo huponywa kwa maelezo. Mke anayeumia wakati wa tendo, anayetokwa damu baadaye, au mwenye uchafu wenye harufu, aende zahanati kwanza. Mama anayenyonyesha, na yule aliyekoma hedhi, huweza kuwa mkavu kwa sababu homoni zimepungua, si kwa sababu ya kukosa mapenzi. Huyo ahitaji muda zaidi na kilainisho. Awaulize wauguzi, wala asitumie mafuta ya mawese iwapo wanatumia kondomu, kwa kuwa mafuta huipasua. Tena yule aliyelazimishwa zamani, au aliyepitia vita, huenda mwili wake ukakataa hata pale moyo unapotaka. Huyo asiharakishwe kwa mbinu yoyote.

Kwa wengine wote, dawa ya kwanza ni swali. Mume ambaye hajawahi kumwuliza mkewe, "Je, ni hapo?" na amwulize, kisha angoje jibu bila kukasirika. Naye mke ambaye amejifanya kwa miaka asiseme yote kwa usiku mmoja, wala asimhesabie mumewe makosa ya nyuma. Aushike mkono wake tu, aupeleke mahali, na aseme lile neno fupi.