Ankara Moja, Malipo Mawili

Mwisho wa mwezi, ofisi ya uhasibu haina utani. Binti mmoja, karani wa hesabu mwenye miezi mitano tu kazini kwenye kampuni moja jijini Dar, alikuwa anatiki taarifa ya benki mstari kwa mstari, akilinganisha na vocha za malipo. Akafika kwa mzabuni wa karatasi na wino. Tarehe 9, shilingi 4,720,000. Tarehe 23, shilingi 4,720,000 tena.

Mwanzo alidhani ni oda mbili, maana hutokea. Akatoa mafaili. Ankara ya kwanza imeingizwa kwa namba 0457, ya pili 457. Mfumo wao hukataa namba ikijirudia, ila kwa mfumo hizo ni namba mbili tofauti. Oda ya manunuzi ilikuwa moja. Hati ya kupokea mzigo pia moja. Kumbe ile ya pili ni picha ya ankara ileile, mzabuni aliituma WhatsApp akidai alipwe haraka.

Mbaya zaidi, vitabu vilikuwa vimebalansi! Ankara imeingizwa mara mbili, imelipwa mara mbili, salio la mzabuni likarudi sifuri. Bila kufungua makaratasi, nani angeshtuka?

Sasa tatizo: vocha ya pili iliandaliwa na dada aliyemfundisha kazi. Akamfuata mezani kwake. Dada akaangalia, rangi ikambadilika.

"Mdogo wangu, iache kwanza. Mwezi ujao nitaongea na yule mzabuni, tutakatana kimya kimya kwenye oda nyingine."

"Na akikataa, dada? Halafu ritani ya VAT ikienda hivi, 720,000 tutakuwa tumeidai mara mbili."

Dada hakujibu. Binti akarudi kwenye kiti chake, akamwandikia mzabuni kuomba taarifa ya akaunti yao, kama wanavyoomba kila mwezi. Ilirudi baada ya nusu saa: ankara moja, malipo mawili, na salio la 4,720,000 kwa faida ya kampuni. Kwa mzabuni ilikuwa inaonekana wazi, ila hakuna aliyepiga simu.

Akaiprinti, akaiweka mbele ya dada. "Naipeleka kwa bosi. Ila ningependa twende wote, uieleze mwenyewe."

Wakaenda. Bosi alifoka kweli, kisha akaagiza ankara ya pili ifutwe kwenye vitabu, mzabuni asomeke kama mdaiwa, na hela irudi benki, si kukatwa kwenye oda. Ilirudi baada ya siku nne.

Dada alimnunia wiki nzima, hata chai walikuwa hawanywi pamoja. Jumatatu iliyofuata akaja na rundo la vocha, akaliweka mezani kwa binti.

"Nikagulie namba kabla sijazituma."